Pazia la Kampuni na Mlango wa Nyumba: Ni Lini Mdai wa Biashara Huweza Kuingia Mpaka Sebuleni

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Zama hizi watu wengi hudhani wamepata njia ya kuyakwepa matanga hayo, nayo ni kusajili kampuni. Wanaambiwa kwamba kampuni ikishakuwa na herufi Ltd mwishoni mwa jina lake, deni la biashara hubaki dukani na halina ruhusa ya kuufuata mlango wa nyumba. Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Sehemu iliyosazwa ndiyo iliyowaondoa watu katika majumba yao.

Tumeuchagua mji wa Eldoret kuieleza habari hii kwa sababu jamaa zetu wengi wana maduka huko. Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, ni mji wa biashara ya jumla. Malori yaendayo Uganda hupitia huko, na wakulima wa mahindi na maziwa hushuka hapo kununua saruji, mabati, mbolea na nguo. Biashara ya namna hiyo huendeshwa kwa mkopo. Bidhaa hutoka Mombasa au Nairobi leo, na malipo hungoja siku thelathini au sitini. Palipo na mkopo pana mdai, na palipo na mdai pana haja ya kujua mkono wake unaishia wapi.

Kwanza tuondoe kosa moja la kawaida. Kusajili jina la biashara si kusajili kampuni. Mtu aliye na cheti cha jina la biashara hana pazia lolote. Duka ni yeye, na yeye ni duka. Deni la duka ni deni lake kamili. Yote tutakayoyasema hapa chini yanahusu kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015. Mtu asiye na hakika na alicho nacho na aitazame hati yake. Kampuni huwa na cheti cha kuundwa kampuni, na hati ya CR12 itolewayo na msajili huonyesha wakurugenzi na wenye hisa wake.

Pazia lenyewe

Kanuni ya kampuni kuwa mtu mbali na mwenyewe ilithibitishwa katika kesi ya fundi na mfanyabiashara wa viatu wa London, Aron Salomon, iliyoripotiwa mwaka 1897. Salomon aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Kampuni ilikuwa na hisa 20,007. Yeye alishika 20,001, na mke wake na watoto watano wakashika moja moja. Kampuni ikaanguka, na mfilisi akataka Salomon alipe madeni kwa mali yake, kwa hoja kwamba kampuni ile ilikuwa ni yeye mwenyewe aliyevaa kanzu nyingine. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa. Ilisema kwamba kampuni ikishaundwa kwa mujibu wa sheria ni mtu anayejitegemea, hata kama hisa zote zimo mikononi mwa mtu mmoja na ahali yake.

Kenya inaifuata kanuni hiyo hadi leo. Mwaka 2002, katika kesi ya kampuni ya bima ya Corporate dhidi ya mawakala wa bima Savemax, Jaji Ringera alieleza kwamba pazia haliinuliwi kwa sababu tu kampuni haina mali au imeshindwa kulipa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilikariri kwamba kampuni ina nafsi yake mbali na wenye hisa, wakurugenzi na mawakala wake, isipokuwa pakiwa na sababu za kuliinua pazia. Basi kufilisika si hatia, na biashara iliyoanguka kwa uaminifu haimpi mdai haki ya kuchukua kitanda cha mwenyewe.

Hata hivyo iko milango mitatu ambayo kwayo mdai huingia. Wa kwanza hufunguliwa na mwenye kampuni kwa saini yake. Wa pili hufunguliwa na mahakama anapoitumia kampuni kwa hila. Wa tatu hufunguliwa na mfilisi kampuni inapovunjwa. Kati ya mitatu hiyo, wa kwanza ndio upitwao mara nyingi kuliko yote, na ndio usiotajwa sana katika mazungumzo ya watu.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano ambao tumeutunga wenyewe. Mume na mke wana kampuni ya vifaa vya ujenzi katika Barabara ya Uganda mjini Eldoret, na wote wawili ni wakurugenzi. Nyumba yao iko mtaa wa Pioneer, na hati yake ni kwa jina la mume. Mke alirithi kiwanja Kisauni kutoka kwa baba yake. Kampuni imeanguka, nayo ina wadai wanne: benki inayodai shilingi 6,700,000 pamoja na riba, muuzaji wa saruji wa Mombasa anayedai 2,400,000, muuzaji wa mabati anayedai 900,000, na mteja aliyelipa malipo ya awali ya 150,000 na hakupata bidhaa. Wote wanne walifanya biashara na kampuni ile ile, lakini kila mmoja atafika mahali tofauti.

Mlango wa kwanza: saini ya dhamana

Benki haikuikopesha kampuni kwa kuamini jina lake. Siku ya mkopo iliwatilia wanandoa hao karatasi tatu mezani, na mara nyingi karatasi hizo hutiwa saini kwa dakika chache. Inafaa kuzitenganisha, kwa kuwa hazifanani hata kidogo.

Karatasi ya kwanza ni rehani ya nyumba ya Pioneer, iliyotiwa saini na mume kwa kuwa ndiye mwenye hati. Kwa karatasi hii nyumba imewekwa nyuma ya deni la kampuni. Karatasi ya pili ni ridhaa ya mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 79, inasema rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali ila mwenzi anayeishi katika nyumba hiyo awe ametia saini au pawe na ushahidi ndani ya hati kwamba ameridhia. Sheria imesema mwenzi yeyote aishiye humo. Nyumba yenye wake wawili ndani yake yahitaji ridhaa ya wote wawili. Ni kweli kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa, lakini sharti hili la rehani limo katika Sheria ya Ardhi, na benki humtaka kila mwenzi atie saini.

Karatasi ya tatu ni dhamana binafsi, na hapa ndipo tunawaomba dada zetu wasome kwa utulivu. Katika karatasi hii mume na mke, kila mmoja kwa nafsi yake, wameahidi kwamba kampuni isipolipa watalipa wao. Mke aliyeridhia rehani ameiweka hatarini nyumba moja tu. Mke aliyetia saini ya dhamana ameweka hatarini kila alicho nacho: kiwanja cha urithi cha Kisauni, akiba yake ya benki, gari lake, hata duka lake jingine lisilohusiana na saruji. Wanawake wengi hudhani wametia saini jambo moja mara mbili, kumbe wametia saini mambo mawili.

Tazama sasa mambo yanavyokwenda. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, benki hutoa notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha. Miezi hiyo ikipita hutoa notisi ya kuuza ya siku 40, na mwenzi aliyeridhia rehani ana haki ya kupelekewa nakala yake. Kisha dalali hutoa notisi yake ya siku 45 ya kukomboa, na ndipo mnada hutangazwa. Kabla ya mnada benki yapaswa kuipima thamani ya nyumba. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa robo au zaidi, sheria huanza kwa kudhani kwamba benki haikutafuta bei nzuri, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani. Notisi iliyorukwa, au mwenzi asiyepewa nakala, ni kasoro ambayo wakili hutafuta kwanza.

Tuseme nyumba ya Pioneer iliuzwa kwa 4,800,000. Deni ni 6,700,000. Zimesalia 1,900,000, nazo hazikufa pamoja na mnada. Kwa rehani peke yake jambo lingeishia hapo kwa upande wa mke. Kwa dhamana, benki yaweza kumshitaki mume, au mke, au wote wawili. Dhamana za benki huandikwa karibu kila mara kwamba wadhamini wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake ni kwamba benki hailazimiki kugawanya 1,900,000 katika nusu mbili. Inaweza kumdai mke zote, na kumwachia yeye kazi ya kumdai mumewe nusu yake.

Muuzaji wa saruji wa Mombasa hakuchukua rehani. Lakini fomu ya kufungulia akaunti ya mkopo wa bidhaa, yenye kurasa nne, ilikuwa na mistari sita karibu na mahali pa saini, ikisema kwamba mkurugenzi anayetia saini anaidhamini kampuni yeye mwenyewe. Mume alitia saini bila kuisoma. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, inasema mtu hashitakiwi kwa dhamana ya deni la mwingine ila iwe kwa maandishi na awe ametia saini. Ahadi ya mdomo ya kwenye simu, kwamba usiwe na wasiwasi mimi nipo, haitoshi. Lakini mistari ile sita inatosha kabisa. Muuzaji wa saruji atamshitaki mume binafsi pamoja na kampuni, na akipata hukumu ataweza kukamata gari lake na viwanja vyake.

Na mke je? Hakutia saini fomu ile, kwa hiyo dhamana hiyo haimhusu, ingawa ni mkurugenzi. Ukurugenzi peke yake haumfanyi mtu mdhamini. Tatizo ni kwamba dalali akija na hati ya kukamata mali hajui friji ni ya nani. Huorodhesha vilivyomo nyumbani na kumpa mdaiwa siku saba. Ndani ya muda huo mke mwenye mali yake na afanye haraka. Kanuni za Madai za mwaka 2010, Amri ya 22, kanuni ya 51, humruhusu mtu asiye mdaiwa kuweka pingamizi mahakamani kwa maandishi kwamba mali iliyokamatwa ni yake. Mahakama itauliza ushahidi: risiti yenye jina lake, hati ya gari, karatasi ya zawadi, ushahidi wa mahari. Mke asiyehifadhi risiti hata moja huwa na neno lake tu.

Aidha kuna vitu ambavyo mdai yeyote mwenye hukumu ya fedha haruhusiwi kuvigusa, hata vikiwa vya mdaiwa mwenyewe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Madai kinavilinda mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na mke na watoto wake, pamoja na mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hapaswi kutenganishwa nayo. Zana za kazi ambazo mtu hujipatia riziki kwazo nazo zimelindwa. Asidhani mtu kwamba kila dhahabu ya sandukuni imo katika ulinzi huu, lakini dalali anayebeba sufuria na magodoro amevuka mpaka wake.

Kabla hatujauacha mlango huu, tutaje mambo matatu yanayowashangaza wengi. Kujiuzulu ukurugenzi hakuifuti dhamana. Mdhamini hubaki mdhamini mpaka mdai amwachilie kwa maandishi. Dhamana nyingi ni za kuendelea, yaani zinafunika mkopo wa leo na mikopo itakayochukuliwa kesho; mtu akitoa notisi ya kuikomesha husimamisha madeni yajayo, lakini yale yaliyokwisha kuchukuliwa hubaki shingoni mwake. Na kifo hakimalizi jambo. Deni la marehemu hutolewa kabla ya mirathi, na mdai mwenye dhamana husimama mbele ya warithi. Familia zimegundua dhamana ya marehemu siku ya kugawa mali.

Mlango wa pili: mahakama ikiinua pazia

Muuzaji wa mabati hakuwa na dhamana yoyote. Alikuwa na ankara kwa jina la kampuni tu. Alipata hukumu ya 900,000 dhidi ya kampuni, akakamata mabati na misumari iliyobaki dukani, na mnada ukamletea 200,000. Zimebaki 700,000. Kwa kanuni ya Salomon, je, safari yake imekwisha?

Bado. Amri ya 22, kanuni ya 35, inampa mdai mwenye hukumu haki ya kuomba mahakama imwite mdaiwa ahojiwe juu ya mali yake, na mdaiwa akiwa ni kampuni, aitwe afisa wake. Mume akapokea wito kufika mahakamani Eldoret pamoja na vitabu vya hesabu na taarifa za benki za kampuni. Wengi hukosea hapa. Wito huu haumfanyi mkurugenzi kuwa mdaiwa. Anaitwa kueleza kampuni ilikuwa na nini na kimekwenda wapi. Asiyefika, au anayefika mikono mitupu, ndiye anayejitia matatani, kwa sababu ukimya wake huipa mahakama sababu ya kushuku.

Katika kuhojiwa yakatokea mambo mawili. Kwanza, miezi mitatu kabla ya duka kufungwa, pikapu ya kampuni ilihamishwa kwa jina la ndugu wa mume, na hapana senti iliyoingia katika akaunti ya kampuni. Pili, kwa mwaka mzima mauzo ya duka yalipokelewa kwenye namba ya M-Pesa ya mume mwenyewe, ambayo pia ililipia karo za shule na matumizi ya nyumba. Vitabu vya hesabu havikuwepo.

Hapo muuzaji wa mabati ana jambo la kupeleka kwa hakimu: ombi la kuinua pazia, ili mkurugenzi aamriwe kulipa binafsi. Mahakama haiangalii kama kampuni imeshindwa kulipa. Inauliza kama kampuni imetumiwa kuwa kinyago cha kuficha ulaghai au kukwepa wajibu. Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza wa mwaka 1962, kesi ya Jones dhidi ya Lipman. Lipman alikubali kumuuzia Jones nyumba, kisha akaghairi na kuihamishia kwa kampuni aliyoimiliki, ili aseme kwamba nyumba si yake tena. Mahakama iliiona kampuni ile kuwa ni kinyago, ikawaamuru Lipman na kampuni wote wawili waikabidhi nyumba.

Pikapu iliyokwenda kwa ndugu bila malipo, wakati wadai wanapiga simu, ni ushahidi mzito. Fedha zilizochanganywa ni ushahidi pia, lakini peke yake huenda usitoshe, kwa kuwa ufanyaji kazi wa ovyo si sawa na ulaghai. Mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mkurugenzi lazima apewe nafasi ya kujieleza. Lau pikapu ingekuwa imeuzwa kwa bei ya soko, fedha zikaingia benki na kulipia kodi ya duka, muuzaji wa mabati angerudi nyumbani na 200,000 zake, na sheria ingemwambia kwamba hiyo ndiyo hatari ya kukopesha bila dhamana.

Mteja wa 150,000 naye ana kisa chake, na ni chepesi kuliko vyote. Alituma fedha kwenye simu ya mume, hakupewa risiti ya kampuni, na jina la kampuni halikutajwa katika ujumbe wowote baina yao. Huyu hahitaji kuinua pazia, kwa maana kwake pazia halikuwahi kushushwa. Atasema alifanya mapatano na mtu, si na kampuni, na mume atapata tabu kumpinga. Ulinzi wa kampuni humfaa yule anayeonekana kuwa anasema kwa niaba yake: katika ankara, katika risiti, katika namba ya malipo, katika saini.

Mlango wa tatu: mfilisi

Mlango wa mwisho hufunguliwa kampuni inapovunjwa rasmi chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Mfilisi akiona kwamba biashara iliendeshwa kwa nia ya kuwalaghai wadai, kifungu cha 505 kinamwezesha kuiomba mahakama imwamuru kila aliyeshiriki kwa kujua achangie katika mali ya kampuni. Kifungu kinachofuata kinamgusa mkurugenzi hata bila ulaghai, iwapo alijua, au alipaswa kujua, kwamba kampuni haina tumaini la kuepuka ufilisi, na bado hakuchukua hatua za kuwapunguzia wadai hasara. Mkurugenzi anayeagiza shehena ya saruji kwa mkopo siku ya Jumatatu, hali anajua kwamba Ijumaa atafunga duka, yumo katika hatari hii. Zaidi ya hayo, Sheria ya Makampuni katika kifungu cha 1002 imeufanya uendeshaji wa kampuni kwa nia ya kulaghai kuwa kosa la jinai.

Fedha zinazopatikana kwa mlango huu haziendi kwa mdai mmoja. Huingia katika chungu cha pamoja na kugawanywa kwa utaratibu wa sheria. Ndiyo maana mdai mmoja mwenye deni dogo mara nyingi huona afadhali kufuata njia ya wito na maswali kuliko njia ya kuivunja kampuni.

Kabla ya kutia saini

Yaliyotangulia yanatuonyesha mahali pa kuweka macho. Mtu akipewa karatasi za mkopo wa kampuni, aulize kila moja jina lake: hii ni rehani, ridhaa, au dhamana? Mke anayekubali nyumba iwekwe rehani ana haki ya kusema kwamba ataridhia rehani lakini hatatia saini dhamana, na aliseme kabla ya siku ya saini. Benki yaweza kukataa. Basi yeye na mumewe watajua bei halisi ya mkopo ule. Akiamua kudhamini, aombe mambo mawili yaandikwe: kiasi cha mwisho ambacho dhamana haitakivuka, na kwamba mkopo mpya hautaingia chini ya dhamana ile bila saini yake mpya. Ashauriane na wakili wake mwenyewe, si wakili wa benki, wala yule anayemwakilisha mumewe.

Kwa fomu za wauzaji wa jumla, mistari ya chini isomwe kabla ya ile ya juu. Neno la kutafutwa ni dhamana, au maneno yasemayo kwamba mtia saini atawajibika binafsi. Mistari hiyo huweza kukatwa kwa kalamu na pande zote mbili zikatia saini pembeni. Muuzaji atakubali au atapunguza kiasi cha mkopo, na yote mawili ni habari njema kuliko mshangao.

Mkopo ukimalizika kulipwa, kazi haijaisha. Rehani ifutwe katika ofisi ya ardhi, na wadhamini wapewe barua ya kuachiliwa. Barua hiyo ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba, ndani ya bahasha moja na risiti za mali ya mke, mahali ambapo watoto watu wazima wanapajua. Bahasha hiyo ndiyo itakayomjibu dalali atakaposimama mlangoni akiuliza kilicho ndani ni cha nani.